Kuambia Kunataka Mtu

Mwalimu hakuahirisha darasa. Mumewe alikuwa amelazwa ghorofa ya tatu ya hospitali ileile, hana fahamu tangu aanguke kutoka juu ya paa, na yeye kila alasiri alishuka chumba cha chini kuwafundisha Kiswahili madaktari wageni. Watu walimshangaa. Angewajibu nini? Juu alikaa akitazama mashine. Chini angalau kulikuwa na chaki. Hakulia. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na alijua ganzi ikiachia ndipo maumivu huanza.

Siku hiyo walisoma vitenzi vya usemi. Mgeni akijua kusema, hudhani amemaliza kazi. Daktari wa macho, mama mcheshi, alitunga sentensi kwa ujasiri: "Jana nilimsema mama wa mgonjwa."

Mwalimu alimuuliza mama huyo wa mgonjwa alikuwa amemkosea nini. Hakunikosea, alijibu yule daktari, nilimpa tu habari za mwanawe. Basi Mwalimu akaeleza kwamba kumsema mtu ni kumteta au kumgombeza, na ukitoka kumsema mama wa watu usitarajie akukaribishe chai. Darasa likacheka. Kinachosemwa ni neno, aliendelea: unasema ukweli, unasema uongo, hata peke yako chooni unaweza kusema. Kuzungumza na kuongea kunataka mwenzako, nanyi mkapokezana. Mnaweza kuzungumza tangu asubuhi msifikie popote. Lakini kuambia kunataka mtu wa kupokea. Namwambia, nakuambia. Huwezi kuambia ukuta.

Daktari Mrefu aliingia amechelewa, akaketi nyuma badala ya mbele. Alikuwa mwanafunzi wake hodari, na mmoja wa waliomtibu mumewe. Mwalimu alimpa zamu.

"Tulizungumza na familia kuhusu mgonjwa," alisema.

Sawa, lakini nataka kuambia, Mwalimu akamjibu. Daktari Mrefu akajaribu tena: daktari mkuu alisema vipimo vimekamilika. Hiyo nayo ilikuwa sentensi safi, ila si iliyoombwa. Mwalimu akaona mtu anakwepa swali kama mtoto anayekwepa dawa, na tabia yake ya ualimu ikampanda kichwani. Akamwita ubaoni na kumpa chaki. Akamchagulia hata mwanzo wake: "Ninakuambia," akasema, "malizia."

Daktari Mrefu aliandika neno hilo moja, akasimama. Mkono wake haukuendelea. Alilitazama neno, kisha akamtazama Mwalimu, na macho yake yakawa mekundu.

Hapo ndipo Mwalimu alipofahamu kwamba mwanafunzi wake hakushindwa somo. Alikuwa analijua kuliko wote.

Aliwaruhusu wengine watoke. Daktari Mrefu akaanza kueleza kwamba mkubwa wake amemtuma amwite ofisini, wazungumze kwa utulivu, kuna mambo ambayo vipimo vimeonyesha. Mwalimu alivuta kiti akakaa. Hakuwa na hasira naye. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo kitu cha kwanza alichokihisi tangu ajali.

"Tumeshazungumza wiki nzima," alisema. "Niambie."

"Ninakuambia, Mwalimu. Ubongo wa mumeo umekufa. Mashine ndiyo inayompumulisha. Hataamka."

Sentensi ilikuwa sahihi mwanzo mwisho. Mwalimu alimshukuru. Alishangaa kujisikia akimshukuru, lakini alishukuru kweli, maana wote waliotangulia walikuwa wamesema tu, na maneno yao yalibaki yakielea kitandani bila mwenyewe.

Alipanda ngazi. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la korido, kanga mabegani, akinong'ona na mfagizi juu ya bei ya sabuni. Alipomwona mkwewe aliagana na mfagizi, akasogea kumpa nafasi. Sasa zamu ilikuwa ya Mwalimu, na mtu wa kupokea alikuwa mbele yake, mzee, amezaa mtoto mmoja tu.

Alifungua mdomo. "Mama," alisema.

Mama mkwe alimshika mkono, akaukandamiza kwenye goti lake. Aliuona uso wake, na kwa uso alikuwa ameshajua.

"Usiniambie, mwanangu," alisema. "Nitapokea, lakini si sasa hivi. Ongea nami kwanza. Ongea chochote."

Basi Mwalimu akaongea. Akampa kisa cha daktari wa macho aliyemsema mama wa mgonjwa, na mama mkwe akacheka kidogo, na akiwa bado anacheka machozi yakaanza kumtoka. Mwalimu hakunyamaza. Nyuma ya mlango mashine ilikuwa ikipumua, na ilimradi wanaongea, mwanawe alikuwa hajafa.