Mshtarii Alishapita

Wengi huchoka kwa kusimama kutwa. Godoro alichoka kwa kulala. Kazi yake katika kiwanda cha magodoro ilikuwa kulalia kila godoro la kumi linalotoka kwenye mashine, chali, kisha ubavu, kisha kifudifudi, halafu kusema kama linabonyea sawasawa au lina vinundu. Alikuwa amelala kazini miaka mingi kwa amri ya wakubwa, hadi jina alilopewa na mama yake likasahaulika. Mwaka juzi alisimamishwa kazi kwa muda kwa kosa la kukutwa amekaa kitako.

Sasa, mwanzoni mwa mwezi wa saba mwaka jana, gari la mafunzo la shule ya udereva iliyopo jirani liliparamia lango la kiwanda. Mwanafunzi alikumbatia usukani akilia. Godoro, ambaye alikuwa ametoka kunyoosha miguu, alifungua mlango, akakaa kiti cha pembeni na kumwambia kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi azime injini, apumue, avute breki ya mkono. Mwenye shule, mama mmoja mpana aliyeitwa Mama Breki kwa kuwa neno hilo alilitaja kuliko jina lolote duniani, alifika mbio roho juu na kuwakuta wawili hao wakipiga soga.

"Wewe hushtuki?" akamuuliza.

"Nimezoea kulala," Godoro akasema.

Mama Breki hakupoteza muda. Walimu wake wote walikuwa wamekimbia kwa presha. Alimtaka yule mtu asiyeshtuka. Godoro alikiri kwamba hajui kuendesha hata toroli, lakini mama yule akasema kuendesha atamfundisha yeye mwenyewe bure, leseni ataipata, kisha aanze kufundisha. Mtu akishakuwa na utulivu, gia atajifunza tu. Usiku ule Godoro alilala kitandani kwake macho makavu kwa furaha, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Aliitaka kazi ile kama mtoto anavyotaka baiskeli. Alitaka maisha yake yaende mahali, hata kama ni kwa gia namba moja.

Mtu mwenye akili timamu angekwenda kesho yake asubuhi. Godoro alikwenda kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya hali ya hewa. Miaka yote watu walimlaumu kwa mvua zilizokataa kunyesha, kwa hiyo alipostaafu alihamia kwenye sayari, ambazo angalau hufika zinapotarajiwa. Alikuwa na kompyuta, kitabu kinene cha mahali sayari zilipo kila siku, na miwani miwili aliyoivaa moja juu ya nyingine. Aliitoa ramani ya kuzaliwa ya Godoro, duara lenye nyumba kumi na mbili, na kumwonyesha kwa ncha ya kijiko.

"Hii ni picha ya mbingu ulipozaliwa. Haibadiliki mpaka unakufa. Sayari zenyewe lakini hazikai, zinazunguka, na zikipita juu ya sehemu nyeti za picha hii ndipo mambo yako yanapotikisika. Nyumba ya sita ni kazi za kila siku. Ya kumi ni cheo, ni lile jina ambalo watu watakuita. Na mlango wa ya kumi ni hapa, kilele cha anga. Chako kiko nyuzi kumi na nne za nyota ya Mapacha."

"Na ni nani anakuja kupita hapo?"

"Mshtarii. Sayari ya kupanua na kufungua milango. Huzunguka mbingu yote kwa miaka kama kumi na miwili, kwa hiyo usimchezee. Atagusa kilele chako mwisho wa mwezi huu."

Godoro akataka kuinuka akaandike barua ya kuacha kazi. Shangazi akamkalisha kwa kijiko.

"Taratibu. Mwezi wa kumi atasimama, arudi kinyumenyume. Si kwamba anarudi kweli, ni sisi huku duniani tunampita kwa ndani, kama basi linalopita lingine ukaona lile lingine linarudi nyuma. Atakigusa tena kilele chako mwezi wa kumi na mbili. Halafu atasimama tena, aende mbele, akiguse mara ya tatu mwezi wa tatu. Mguso wa kwanza huleta habari. Wa pili hukufanya ufikiri upya. Wa tatu ndio wa kutia saini. Mvumilivu hula mbivu, mwanangu."

Basi Godoro akavumilia. Mama Breki alipouliza, alisema ana mambo ya kifamilia, na kweli Mshtarii alishakuwa kama mjomba. Mwezi wa kumi na mbili akasema bado anafikiri upya. Mama Breki akamwangalia kama mtu anayetazama taa nyekundu isiyobadilika, akasema mwisho wake ni mwezi wa tatu, mwezi huo ukipita nafasi imepita. Godoro akafurahi kupita kiasi, kwani tarehe zilikuwa zinalingana na za shangazi. Kazini alilala akitabasamu, na wakaguzi wakaandika kwamba magodoro ya mwaka huo yalikuwa bora.

Siku mbili kabla ya mguso wa tatu, shangazi alikuja kunywa chai nyumbani kwa mama yake Godoro, apate kumpa mtoto maelekezo ya mwisho. Shangazi na mama walikuwa mawifi, na mawifi ni mawifi. Walipendana sana kila mmoja akiwa kwake.

"Saini saa ya mchana, Mwezi ukiwa Mizani," shangazi alikuwa akisema. "Mwezi ndio unaofyatua kilichoivishwa na sayari nzito. Na usingoje Mshtarii akipite kilele kwa zaidi ya uzi mmoja, huko nguvu inapungua."

"Hicho kilele umekijuaje?" mama akauliza huku akimenya vitunguu.

"Kwa saa aliyozaliwa, wifi. Si wewe mwenyewe ulinipa? Saa nane kasorobo mchana."

"Saa nane kasorobo kwa saa ya jikoni," mama akasema. "Mkunga aliisoma ukutani."

"Ndiyo, basi."

"Ile saa ilikuwa mbele."

Shangazi akavua miwani ya juu. Mama akaendelea kumenya, bila hata chembe ya hatia.

"Marehemu mume wangu, kaka yako, alikuwa hafiki popote kwa wakati. Nikaisogeza saa mbele dakika kumi. Akaizoea, akawa anazitoa hizo kumi kichwani. Nikaongeza tano. Akazizoea nazo. Nikaendelea kuongeza. Hata mimi nilikuwa sijui tena ni saa ngapi, nilikuwa nikiuliza jirani."

"Ilikuwa mbele kiasi gani siku aliyozaliwa huyu?"

"Nilikuwa na uchungu, wifi. Sikuwa nahesabu."

Godoro hakuelewa kitu, akauliza dakika chache zina ubaya gani. Shangazi akamwambia, kwa sauti ya mtu aliyeahidi jua ikashuka mvua ya mawe, kwamba kilele cha anga hakina subira: kila dakika nne husogea karibu uzi mzima. Sayari zenyewe zingekuwa palepale, lakini kilele kingekuwa kwingine, na tarehe zote za Mshtarii ni bure.

"Kilichonishinda ni kiburi," akasema. "Saa ya kuzaliwa ikiwa ya kubahatisha, lazima uipime kwa mambo yaliyokwisha kutokea. Mimi niliiamini kwa sababu ilikuwa ya familia. Haya, njoo. Uliajiriwa lini?"

Miaka kumi na miwili iliyopita, mwezi wa tatu. Shangazi akafungua kitabu kinene. Siku hiyo Mshtarii alikuwa nyuzi nane za Mapacha, si kumi na nne. Na ule mwaka juzi uliposimamishwa kazi kwa kukaa kitako? Katikati ya mwaka. Shangazi akapekua tena. Zohali, sayari ya adhabu na mipaka, alikuwa ananing'inia karibu na nyuzi nane za Samaki, akikitazama kilele kwa pembe mraba, ule mtazamo unaobana. Mambo mawili yanasema nane. Akajaribu la tatu, siku Godoro alipopandishwa na kuwa mkuu wa kulalia, nayo ikasema nane. Kwa nyuzi sita za tofauti, saa ya jikoni ilikuwa mbele kama dakika ishirini na tano.

"Masikini kaka yangu," shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mawifi wakacheka pamoja.

Godoro hakucheka. "Kwa hiyo Mshtarii anagusa nyuzi nane lini?"

Shangazi alisoma kitabu polepole, akitumaini kitasema kingine. Mshtarii alirudi nyuma mpaka nyuzi kumi na moja tu, akasimama, akaenda mbele. Kwenye nane hakurudi kabisa. Alipita mara moja, mwanzoni mwa mwezi wa saba mwaka jana.

Wote watatu walijua wiki ile ni ipi. Ilikuwa ile ya lango.

"Hakuwa anakuja," Godoro akasema. "Alikuwa ameshafika. Aligonga lango kabisa, na gari, mimi nikamwambia asubiri mwezi wa tatu."

Moyo ulimuuma kwelikweli. Shangazi, akitafuta namna ya kumpoza, alimwambia kwamba Uranusi ataingia Mapacha hivi karibuni, na miaka michache ijayo atapita kileleni. Hata hivyo huyo haombi ruhusa, hubadilisha kazi ya mtu hata kama mtu hataki. Na Mshtarii mwenyewe atarudi, kwa subira ya miaka kumi na mmoja na ushee.

"Na leo? Leo kuna nini juu ya kilele changu?"

Shangazi akatazama. "Hakuna kitu. Hata Mwezi haupo karibu."

"Basi hakuna wa kunizuia mlangoni," Godoro akasema, akavaa viatu na kutoka.

Alimkuta Mama Breki uani, akifuta vioo vya gari dogo lenye makovu kila pembe. Godoro alisema yuko tayari, haraka haraka, pumzi zikimwishia. Mama Breki akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikupa mpaka mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu umefika," akasema. "Lakini nilikupa nafasi ya mwalimu, kaka. Nilidhani miezi yote hii unajifunza mahali. Unajua kuendesha?"

Godoro akatikisa kichwa.

"Ungekuja mwezi wa saba, sasa hivi ungekuwa na leseni na wanafunzi kumi. Mwezi umeingia na hujatokea, jana nimemchukua mwalimu mwingine. Anashtuka kidogo, lakini anajua gia."

Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Godoro alisimama pale akitaka ardhi immeze. Kisha, kwa sababu kurudi kulala hakukuwezekana tena, akauliza kama nafasi ya mwanafunzi bado ipo.

"Hiyo haijai kamwe," Mama Breki akasema. "Unataka kuanza lini?"

Zamani Godoro angesema aulize kwanza. Alizunguka gari, akafungua mlango wa upande wa usukani na kukaa. Kiti kilikuwa na vinundu, akavitambua mara moja, lakini hakusema. Simu ikaanza kuita mfukoni, jina la shangazi likimulika. Pengine alikuwa amempata Mirihi, pengine Zuhura. Mikono yote miwili ya Godoro ilikuwa kwenye usukani, imeushika kwa nguvu mpaka vidole vimeuma, na moyo ulikuwa unamdunda hadi masikioni. Kumbe na yeye hushtuka. Hakuna aliyekuwa amewahi kumpa sababu.

"Kanyaga klachi," Mama Breki akasema, akifunga mkanda. "Weka namba moja. Achia polepole."

Godoro akaachia kwa pupa. Gari likaruka, likatetemeka na kuzima.

"Tena," akasema yeye mwenyewe, kabla mwalimu hajafungua kinywa.