Glasi ya Mwisho Sufuriani

"Imekwenda yote, nakwambia. Imepanda na mvuke, imetoka dirishani, saa hizi iko mawinguni inalewesha ndege."

"Ndege wapi. Iko humohumo, na wewe unataka kumpakulia shemeji yako."

Ndivyo nilivyowakuta, Mpishi na Nesi, mbele ya mlango wa Cheche kule ghorofa ya tatu, sufuria kubwa ikiwa katikati yao kama mtoto anayegombewa. Nilikuwa napanda na kapu la nguo nilizoanua, nikaliweka chini. Maneno kama hayo hayaachwi yakapita hivihivi.

Cheche tunamwita hivyo kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma. Siku hiyo alikuwa anatimiza mwaka mmoja tangu aache pombe. Anayesema mwaka mmoja si kitu hakukaa jengo letu. Kabla ya hapo tulikuwa tunamruka ngazini asubuhi tukienda kazini, ufunguo uko mkononi, mlango wake hatua nne tu mbele. Sasa kila asubuhi alikuwa anameza kidonge na chai, mkewe amesimama pembeni. Kidonge chenyewe hakina mchezo. Ukishakimeza, pombe ikiingia mwilini, hata kidogo, uso unawaka, moyo unagonga kama nyundo, na tumbo linarudisha kila ulichokula.

Mkewe akaamua watu waalikwe saa tisa mchana, jengo zima. Upishi akampa kaka yake, ambaye ana miaka ishirini jikoni kwenye hoteli kubwa, na anakaa ghorofa ya chini. Mpishi akapika anachosifiwa nacho, mchuzi wa nyama uliochemshwa kwa mvinyo mwekundu. Nesi, wa mlango wa pili, alikuwa anatoka zamu akakutana na harufu ngazini. Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Dada Nesi, sikiliza," Mpishi akasema, kofia yake nyeupe ikiwa imemlalia sikioni. "Maji yanachemka kwa nyuzi mia. Pombe inachemka kwa sabini na nane. Mchuzi umechemka toka saa tatu. Pombe ingekuwa inasubiri nini humo, basi?"

"Ingekuwa peke yake ingeondoka. Lakini umeichanganya na maji, kaka yangu, na hao wawili wakishachanganyika ni mume na mke. Hatoki mmoja bila kumvuta mwenzake. Pombe inamtangulia maji, sawa, ila haihami na virago vyote. Watu wamekaa maabara wakapima. Nusu saa motoni, bado theluthi na ushei iko ndani. Saa moja, robo. Saa mbili na nusu, kama sehemu tano katika mia. Inapungua na kupungua, lakini kuisha yote, haiishi."

"Tano katika mia. Unanigombeza kwa tano katika mia."

"Sufuria uliiacha wazi?"

Mpishi akakitazama kifuniko alichoshika mkononi, kama kimemsaliti. "Nyama ya shingo ile. Bila kufunika ingeiva lini?"

"Basi si tano tena. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini na ulichobeba. Ungeipika kwenye sufuria pana iliyo wazi tungeongea mengine."

"Mchuzi unanuka mvinyo sana," nikachomekea.

"Harufu si ushahidi, mshonaji," Nesi akanikata. "Harufu inaweza kubaki pombe imepungua, na pombe inaweza kubaki hujaisikia. Wewe kaa na kapu lako."

Nikakaa na kapu langu.

Mke wa Cheche alikuwa mlangoni na sahani mikononi. Akimtazama kaka yake, akimtazama Nesi. Wote tulijua anachokihesabu: asubuhi mia tatu sitini na tano za kusimama pembeni ya kikombe cha chai. Tukasikia viatu, na Cheche mwenyewe akatokea ngazini akitoka kwa kinyozi, shingo inang'aa, shati jipya. Nililishona mimi hilo shati. Nikainama kupanga nguo kapuni, Nesi akajifanya anatafuta ufunguo.

"Endeleeni tu," akasema. "Nimewasikia tangu ghorofa ya kwanza." Akakaa kwenye ngazi, ileile aliyokuwa akilala. "Shemeji, nina swali moja. Mvinyo wa mwisho uliutia saa ngapi?"

Mpishi akachangamka, akidhani amepata mtetezi. "Ahaa, hiyo ndiyo siri yenyewe. Chupa mbili zinaingia mwanzo, zinachemka mpaka zinasahau jina lao. Halafu ukikaribia kupakua, glasi moja kubwa juu, unakoroga, unazima moto. Inauamsha mchuzi. Kwetu hakuna sahani inayopita mlango wa jikoni bila hiyo."

"Leo umeitia?"

"Nimetia, nikapandisha sufuria."

Cheche akacheka polepole, akaipangusa shingo yake. "Nimekunywa miaka kumi na minne, shemeji. Glasi za mwanzo zinaishia njiani. Ya mwisho ndiyo unaingia nayo nyumbani."

Nesi akageuka kwangu, mkono wazi. "Nipe chaki."

Chaki yangu ya kukatia nguo haitoki mfukoni. Nikampa, akapiga hesabu ukutani, pale ambapo kwa kawaida tunagombana mtu akiegesha baiskeli. Chupa mbili za mvinyo, pombe tupu iliyomo ndani yake haizidi kikombe kidogo cha chai. Umechemka kwa kufunikwa, tuseme imebaki sehemu moja katika kumi. Hiyo ni vijiko vinne vya chai. Sasa ile glasi. Pombe yake ni vijiko sita, na haikupata muda wa kwenda popote, tuseme vitano viko humo.

Akachora mstari chini ya tano. Mpishi akasogea, akasoma, akasogea tena.

"Glasi moja imezishinda chupa mbili," akasema, sauti imepungua.

"Glasi moja ya dakika tano imezishinda chupa mbili za saa tatu. Jumla vijiko tisa kwa sahani thelathini. Theluthi ya kijiko kwa kila mtu."

"Theluthi ya kijiko, Nesi. Hata paka halewi."

"Mimi na wewe hatutaisikia, na wala hatumezi kidonge. Yeye daktari alimkataza mpaka michuzi yenye mvinyo, mpaka dawa ya kusukutua. Wako wanaoweza kula wasidhurike, na wako wanaoanguka. Unataka tujue yuko kundi gani mbele ya wageni?"

Mpishi akakaa juu ya kifuniko chake. Nilimwonea huruma, kwa kweli. "Basi hakuna sherehe," akasema. "Bila mvinyo hayo ni maji ya nyama."

Na hapo Cheche akasimama. Akaenda mpaka kwenye sufuria, akainama, akaivuta ile harufu yote kifuani, mkewe akakaribia kuangusha sahani. Kisha akanyooka.

"Unanukia vizuri sana, shemeji. Sili."

Neno moja tu. Lakini mtu huyu alikuwa hajawahi kukataa kitu mbele ya watu. Mwaka mzima tulikuwa tunakataa kwa niaba yake: tunaficha, tunamzungusha njia, tunazima redio tangazo la bia likianza. Siku hiyo alikataa mwenyewe, tena kitu kilichopikwa kwa heshima yake. Mkewe akaziweka sahani chini na kujifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Sasa niambie kama fundi kwa fundi," Cheche akaendelea. "Mvinyo unafanya kazi gani humo?"

"Unaleta uchachu. Unakata mafuta. Na unabandua ile rangi ya nyama iliyoganda chini ya sufuria, ambayo ndiyo utamu wenyewe."

"Basi tafuta kingine kinachobandua. Mimi gesi ya kuchomelea ikiniishia simwambii mteja geti halishikani."

Mpishi akainuka kutoka kwenye kifuniko. Kisha akaivuta kofia kutoka sikioni, akaiweka sawa kichwani, na nikajua tutakula.

Nyama nyingine alikuwa nayo kwenye jokofu, aliyoiweka ya kupika kesho yake. Saa sita na robo mlango wa kila ghorofa ulikuwa wazi. Nyanya zilishuka, vitunguu vikapanda, ndimu zikatoka sijui wapi. Mtu akaleta siki ya mvinyo, Nesi akamrudisha nayo mlangoni: hiyo nayo ina masalia, asante, nenda kalete karoti. Mpishi aliikaanga nyama kidogokidogo mpaka ikawa ya rangi ya kahawa, akaitoa, akamimina supu ya mifupa yenye moto kwenye sufuria tupu na kukwangua chini kwa mwiko wa mbao. Ile rangi ikabanduka, mchuzi ukakolea rangi ya kutisha, na hakuna chupa iliyofunguliwa. Nyanya alizichoma kwanza juu ya moto mpaka ngozi ikaungua. Alikuwa akinung'unika muda wote, lakini ni ule mnung'uniko wa mtu anayefurahi.

Ile sufuria ya kwanza aliirudisha kwake chini. Nesi akaiandikia kifuniko kwa chaki yangu, INA MVINYO, herufi kubwa kama za kituo cha mafuta.

Saa tisa nyumba ya Cheche ilijaa mpaka watu wakakalia kapu langu. Kabla ya kupakua, Mpishi akanyanyua glasi kubwa, ileile. Nesi akanyoosha shingo kuinusa. Yalikuwa maji ya ndimu. Akaimimina juu, akakoroga, akazima moto.

"Ya mwisho," akasema.

Cheche akapewa sahani ya kwanza. Akala. Tukamwangalia bila aibu, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akala yote, akaisafisha sahani kwa kipande cha mkate, akaikabidhi kwa mkewe ajaze tena. Uso wake ulikuwa uso wake. Nesi akamshika kifundo cha mkono kana kwamba anamsalimia tu, midomo inahesabu, kisha akaachia na kuchukua kijiko chake mwenyewe.

"Mapigo ya mtu mwenye njaa," akasema, na nyumba ikalipuka kwa vicheko, mpaka wa ghorofa ya tano wakateremka kuuliza kuna nini, nao wakabaki.

Baadaye nikaona Mpishi hayumo. Alikuwa nje, amesimama na aproni yake mbele ya ile hesabu ya chaki, anaifuta kwa kidole, tarakimu moja baada ya nyingine. Ile tano ya glasi aliiacha.

"Njoo ule," nikamwambia.

"Mpishi hali na wageni. Nitakula chini."

"Chini kuna nini?" Cheche alikuwa amefika mlangoni nyuma yangu, sahani mbili mkononi. "Kuna sufuria imeandikwa kama tangi la petroli. Shemeji, umenipikia mara mbili siku moja, na mimi mara zote nilizokula kwako enzi za pombe sikukumbuka hata ladha. Leo nitakumbuka. Nesi, sogea kidogo."

Nesi akajisogeza kwenye mkeka, akapigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Haya kaka, vua kofia," akasema. "Ingia ule kabla haujapoa."