Mume Aliyeitwa Filemoni

Simu ilimkuta Bi Adija dukani kwake Mugumu, mkasi mkononi, akipima kitenge cha mteja aliyekaa pembeni akisubiri. Aliiacha iite mara mbili. Kitenge kikikatwa nusu na mawazo yako yakiwa kwingine, hasara ni yako. Ilipoita mara ya tatu akapokea.

"Shikamoo mama. Naitwa Benedicto, napiga kutoka Mwanza. Tunawatafutia makampuni wafanyakazi. Kuna binti anaitwa Gati, ametaja jina lako kama mdhamini wake."

"Marahaba, mwanangu. Gati wangu!" Bi Adija akatabasamu peke yake, akavuta kigoda akakaa. Miaka tisa alikuwa msimamizi wa vyumba katika kambi moja ya watalii karibu na hifadhi, na mitano kati ya hiyo Gati alikuwa chini yake. "Anaomba kazi gani?"

"Msimamizi wa usafi, kwenye mabweni ya wafanyakazi wa mgodi, huko Nyamongo, Tarime."

Moyo wa Bi Adija ukapata raha. Gati alikuwa mtu wa Kerende, ng'ambo kidogo tu ya hapo. Angekuwa analala kwake na kuona watoto wake kila jioni, si kama enzi za kambi, alipowaona mara moja kwa mwezi.

Benedicto akauliza, naye akajibu polepole, maana alijua neno la mdhamini huandikwa. Alianza lini, akaacha lini? Kwa nini aliondoka? Kambi ilifungwa msimu wa mvua na mikataba ikaisha. Wote waliondoka siku moja, yeye Bi Adija akiwamo. Utendaji wake?

"Mwaka fulani mzee mmoja mgeni alipoteza kifaa chake cha kusikilizia. Kidogo kama punje ya haragwe. Mashuka ya vyumba vyote yalikwisha kwenda kufuliwa. Hakuna aliyemwagiza, lakini Gati alikung'uta shuka moja moja, akachuja maji ya pipa kwa kanga yake, mpaka akakipata. Mzee yule alilia. Gati akarudi kupiga deki kana kwamba hakuna kitu."

"Na udhaifu wake?"

"Hapendi kuomba msaada. Atabeba magodoro mawili peke yake mgongo umuume. Na Kiingereza cha kuandika bado kinamsumbua. Hayo mkimsaidia yatakwisha."

Sauti ya Benedicto ikabadilika, ikawa ya mtu anayefunga mlango kabla ya kusema.

"Mama, kuna jambo. Ametia sahihi tuhakiki taarifa zake, na ofisi ya kambi yenu ikatutumia fomu yake ya zamani. Pale mume anaitwa Filemoni. Kwenye fomu yetu ameandika mwenzi wake ni Mogesi, na kwenye jinsia ameweka Ke. Mwanamke! Sasa ama ni mwongo, ama ni mtu wa mambo ya ajabu. Mteja wetu hataki maneno mabwenini."

Damu ilimpanda Bi Adija mpaka masikioni.

"Maneno gani? Wewe umewahi kufika Tarime?"

"Sijawahi, mama."

"Basi uliza kabla hujahukumu. Mogesi ni mama mtu mzima, hakujaliwa mtoto wa kiume. Wakurya wana nyumba ntobhu: mama kama huyo hutoa ng'ombe, akamwoa binti, na watoto wa binti wakawa wa nyumba yake, wakarithi boma lake. Ng'ombe walitoka mbele ya ukoo wote. Mogesi ndiye aliyewalea wale watoto wakati Gati anatandika vitanda vya wageni. Hilo ndilo unaliita la ajabu?"

"Samahani, mama. Sikujua." Akakohoa. "Lakini basi mbona hapo mwanzo aliandika Filemoni? Hapo ndipo uongo ulipo. Sikiliza, mimi namwonea huruma. Mwambie tu ajaze fomu upya, aandike hajaolewa, tumalize. Nani atajua?"

Mkasi ulikuwa bado mkononi mwa Bi Adija. Akauweka juu ya meza. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake, yamerudi nyumbani kwao.

Aliikumbuka siku ile ofisini kambini. Gati mpya, kalamu mkononi, kafika kwenye kisanduku cha mume akauliza, "Bosi, niandike Mogesi?" Naye Adija, mtu wa pwani asiyeijua mila hiyo, mizigo ya asubuhi imemsonga, akasema, "Ah, usituletee maelezo marefu. Andika jina lolote la kiume." Filemoni ndiye aliyekuwa akileta mchicha mlangoni wakati ule. Binti akaandika Filemoni, akainamisha kichwa. Miaka mitano akabeba mume wa mchicha, na leo, mara yake ya kwanza kusema kweli, ndiyo anaitwa mwongo.

"Hajazi fomu upya," akasema. "Filemoni ni uongo wangu mimi. Mimi ndiye bosi niliyemwamuru. Angenikatalia, angeanza kazi siku ile? Nyinyi wenye meza ndivyo mlivyo, na mimi nilikuwa nayo meza. Mnamfundisha maskini kudanganya, kisha mnamfukuza kwa kudanganya!"

"Mama, ukisema hivyo ushahidi wako wote unaingia doa. Nitaandika kwamba mdhamini alikiri kughushi."

"Andika. Doa liwe langu. Tena usiandike kwa kichwa chako, nitakuandikia mwenyewe na sahihi yangu. Na jambo moja nikuulize, mwanangu: huyo mwenzi wake ataosha vyoo vyenu?"

"Hapana."

"Basi mnamtakia nini?"

Alipokata simu alimwomba mteja wa kitenge asubiri. Yule mama, aliyesikia yote, alisema tu, "Andika, Bi Adija, mimi sina haraka," akambeba mtoto wa jirani aliyeingia dukani analia, na akamsogezea karatasi. Bi Adija aliandika kwa mkono, ukurasa mmoja: tarehe, kazi, kile kifaa cha mzee, mgongo na Kiingereza, na mwisho jinsi jina la Filemoni lilivyoingia na nani aliliingiza. Akapiga picha, akaituma. Alama mbili zikageuka bluu. Hakuna jibu.

Siku nne hakuna jibu. Bi Adija alikata kitenge vibaya mara mbili.

Siku ya tano Gati alipiga, anahema kama aliyekimbia. "Bosi, nimeitwa Jumatatu! Wamesema niende na kitambulisho na cheti cha utumishi. Nimewauliza kama nibadili pale kwa Mogesi, yule kaka wa Mwanza akasema, acha hivyo hivyo."

Bi Adija alifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Gati, ile siku ya fomu... nilikukosea. Nisamehe."

"Bosi, yamepita. Ngoja, kuna mtu anataka simu."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti nzito ya mwanamke mzee.

"Ndiyo wewe uliyenigeuza Filemoni?"

"Ndimi, Mama Mogesi. Shikamoo. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nilitoa ng'ombe kumi na wawili, halafu sifa anachukua muuza mchicha!" Akacheka mpaka akakohoa. "Njoo Kerende uje unione vizuri, ili siku nyingine ujue la kuandika."