Farasi wa Wasiokuwepo

Bupe alipiga simu nikiwa nimeshashika viti viwili kwenye jukwaa la uwanja wa mbio za farasi wa Shakopee. Mwenzake wa kazini kule Brooklyn Park kaumwa, inambidi yeye ashike zamu, kwa hiyo haji. Nikamwambia hakuna neno. Kulikuwa na neno, tena kubwa, lakini mtu mzima hawezi kulilia farasi kwenye simu.

Tulikuwa wanne. Mimi Edson, mtu wa takwimu katika kampuni ya bima, Bupe, Doris, na Mkenya wetu Nahashon, nesi mwenye kicheko cha kusikika mpaka Savage, mji wa jirani. Kila Jumamosi ya kiangazi tulicheza trifekta, yaani kutaja farasi watatu wa kwanza kwa kufuatana. Ukikosea mpangilio umekosa, isipokuwa ukiwafunga kwenye boksi, ukalipia kila mpangilio wanaoweza kuja nao.

Sheria yetu ilikuwa ya adabu, si ya hesabu: kila mtu anachagua farasi mmoja, na hakuna anayeachwa nje ya boksi. Nahashon alichukua anayependwa na wengi. Doris alichukua wa kijivu, hata akiwa kilema. Bupe alichukua aliyesukwa mkia. Mimi nilichukua niliyemkokotoa.

Niliwaeleza mpaka wakanichoka. Wakikimbia wanane, wa kwanza anaweza kuwa yeyote kati ya wanane, wa pili kati ya saba waliobaki, wa tatu kati ya sita: mipangilio mia tatu thelathini na sita. Boksi la farasi wanne linashika ishirini na minne tu, na kwa dola moja moja hiyo ni dola ishirini na nne. Wenye uwanja wanakata chao kwanza, kinachobaki wanagawana waliopatia. Wakija wanaopendwa, waliopatia ni wengi, kila mtu anaondoka na kiduchu. Doris alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza kama chipsi zimeletwa.

Tuliwekeana ahadi moja. Siku trifekta ikiingia, popote mtu atakapokuwa atarudi, na Nahashon atatuchomea mbuzi. Kisha Doris akarudi Mbeya kwa mama yake, na Nahashon akahamia Dallas. Tukabaki wawili, na wawili hawafiki trifekta. Mimi na Bupe tukacheza eksakta, wa kwanza na wa pili tu, mipangilio miwili, kama wazee wanaocheza bao. Leo nilikuwa mmoja, na mmoja hana mpangilio wowote.

Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Ndiyo maana nilikwenda kwenye dirisha la tiketi nikawachagulia wote. Anayependwa, kwa ajili ya Nahashon. Wa kijivu wa Doris. Mwenye mkia uliosukwa wa Bupe. Na wangu. Nilijua hesabu zinasema nini. Nilitaka hiyo ahadi iwe na sababu ya kudaiwa.

Waliingia. Wa kijivu mbele, wa Nahashon nyuma yake, wa Bupe wa tatu. Nilisimama nikageuka kulia nimshike mtu bega. Hapakuwa na mtu, palikuwa na koti langu. Wangu mwenyewe alikuja wa saba.

Trifekta ikalipa dola kumi na nane na senti arobaini. Watatu hao ndio waliokuwa wakipendwa zaidi na uwanja mzima. Nilikuwa nimeshinda, na nimepoteza zaidi ya dola tano.

Nikampigia Nahashon hata hivyo. Alifurahi kwelikweli, akaniuliza tulikuwa nani na nani. Nikamwambia nilikuwa peke yangu. Akauliza imelipa ngapi. Nilipomtajia alicheka kile kicheko chake.

"Edson bro, hiyo hata fuel ya kutoka Dallas haitoshi. Lakini ngoja. Farasi wetu watatu wameingia, si ndiyo? Boksi ya watatu ni how much?"

"Mipangilio sita. Dola sita."

"So ungetuweka sisi tu, ungekuwa na profit. Ni wewe umeharibu boksi."

Alitania tu, alivyonitania siku zote. Nami nikacheka. Alisema ana mtoto wa kupeleka mahali, tutaongea. Sikuitaja ahadi, naye hakuitaja.

Mbio zilizofuata zilikuwa zinakaribia. Nikawatazama farasi wakipitishwa: mmoja wa kijivu, mmoja amesukwa mkia, na anayependwa namba yake iko juu ya ubao. Wangu pia nilikuwa nimeshamkokotoa, na alikuwa mzuri.

Mama wa dirishani alikuwa amenizoea. Aliuliza, kama kawaida, ni boksi la wanne?

"Watatu," nikasema, nikamtajia farasi wao, nikatoa dola sita.