Bahasha ya Mwarandu

Mume anayeanza kuweka bahasha chini ya godoro ana la kuficha, na Dama hakuzaliwa jana. Kwanza alidhani ni mwanamke. Kisha akadhani Mwarandu amekopa. Kila alipouliza, jibu lilikuwa lile lile.

"Ni karatasi zangu za viza, Mama Fancy. Wewe shughulika na zako."

Zake zilikuwa wazi mezani. Binti yao Fancy, muuguzi kule Uingereza, angejifungua Agosti na aliwataka wazazi wote wawili. Alituma barua ya kuahidi kuwalipia nauli na kuwapa malazi, hati zake za mshahara na taarifa ya benki ya miezi sita. Dama akaongeza cheti cha kuzaliwa cha Fancy, leseni ya duka lake la unga hapo Mtopanga, na taarifa ya akaunti yake mwenyewe: mia tano leo, elfu kesho, salio elfu themanini na sita. Aliionea haya. Lakini Rosalia, mwenzake wa kwaya na karani wa benki Nyali, aliigonga muhuri na kumtuliza.

"Hawatafuti tajiri, dada. Wanatazama kama pesa zinaingia vile ulivyosema unazipata."

Mwarandu aliyasikia hayo yote. Miaka ishirini amevunja mawe Mwakirunge akilipwa mkononi, na akaunti yake ilikuwa na shilingi mia nne. Wiki hiyo ndipo bahasha ilipoonekana. Kwenye kituo cha viza alitoa karatasi zake akiwa amempa mkewe mgongo, na Dama akajua hakika kwamba humo hamna heri.

Majibu yalikuja kwa baruapepe wiki ya tatu. Rosalia akasoma ya Dama kwanza: viza imetoka. Ya Mwarandu akaisoma kimya mpaka mwisho.

"Shemeji, hii taarifa ya benki wanayoitaja, ya milioni moja na laki mbili, ulipewa na nani?"

"Gedion wa saiba, pale wanapochapa karatasi," Mwarandu akasema kwa sauti ndogo. "Elfu kumi na tano."

"Waliiuliza benki, na benki ikasema haikuitoa. Tena fomu yako inasema kibarua wa mawe, taarifa inasema mshahara wa laki mbili. Wamekufungia mlango wa Uingereza miaka kumi kwa udanganyifu."

"Na mia nne zingefaa nini?"

"Barua ya Fancy ilikutaja nawe. Ungeweka mia nne zako, na barua ya msimamizi wako kwamba unalipwa mkononi. Hakuna anayeahidiwa viza, lakini ungekuwa mkweli."

Dama akamgeukia mumewe kwa hasira. "Kwa nini, Baba Fancy?"

"Sikutaka Wazungu wasome kwamba nabebwa na mtoto wangu."

Dama aliondoka Julai peke yake. Fancy akajifungua mvulana, akamwita Mwarandu, jina la babu yake. Siku ya kwanza ya kuonyeshwa mtoto kwenye simu, Mwarandu alivaa shati la kanisani, akamtazama, kisha akauliza mtoto wa miaka kumi huwa darasa la ngapi.

"La nne," Dama akasema.