Vijiti vya Meno kwenye Droo ya Mzani

Mama Mdogo hakuja kwenye ule mkahawa kumtafuta mwizi. Alikuja kumshikia dada yake kazi kwa wiki chache, maana dada alikuwa amepasuliwa goti na daktari amemkataza kusimama. Lakini mtu aliyekaa miaka kibao kwenye kaunta ya kituo cha mafuta hawezi kuipita droo ya pesa kama hajaiona. Macho yanamwasha.

Mkahawa wenyewe ulikuwa wa mchana, wa watu wa maofisini. Unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, unaipeleka kwenye dirisha la jikoni, mpishi anaichoma kwenye msumari kisha anakupa sahani yako. Ndivyo ilivyotakiwa. Ikifika saa saba, foleni imetoka nje ya mlango na kila mtu anatazama saa yake, mambo yanakuwa mengine kabisa: keshia anapaza sauti tu, "Kuku mmoja hapo," na mpishi anatoa kuku. Risiti itakuja baadaye, au isije.

Keshia alikuwa kitinda mimba wa dada. Walimwita Mzani, kwa sababu hesabu yake ya jioni haikuwahi kuyumba zaidi ya visarafu viwili vitatu. Na usidhani ilikuwa rahisi. Ufunguo wa kutoa ripoti ya mashine ya risiti alikaa nao mama yake, na sasa Mama Mdogo. Mzani anahesabu pesa zote kwanza, anaandika, anatia sahihi, ndipo ripoti inachapwa. Hajui mashine itasema nini. Hata aproni yake haina mfuko. Na bado kila jioni hesabu inalala pale pale. Bi Mkubwa, yaani dada mwenyewe, akimsimulia mtu habari za huyo mtoto, ungefikiri amezaa benki.

Tatizo lilikuwa kuku. Wanaingia asubuhi, mpishi anawakata robo robo, robo moja sahani moja. Jioni ukichukua robo zilizoingia ukatoa zilizobaki, unapata sahani zilizotoka. Ukilinganisha na kuku waliouzwa kwenye ripoti, hazikutani. Sahani saba hazijulikani zilipo, kesho yake kumi. Pesa ziko sawa, kuku hawapo. Sasa nani wa kulaumiwa kama si anayekaa na kuku? Bi Mkubwa alipiga simu, akaomba iwekwe sauti ya juu pale dirishani, akamwita mpishi mwizi huku wahudumu wote wakisikia. Akasema Ijumaa atakuja mwenyewe, na magongo yake, amlipe chake aondoke.

Mpishi alikuwa hapo tangu mkahawa una meza tatu na paa linalovuja. Hakubisha. Aliendelea kukatakata vitunguu, ila alivikata vidogo mno, vya kusaga kabisa. Mama Mdogo alimwonea huruma, na tuseme ukweli, alimwonea na kitu kingine pia, maana mjane ni mtu na mpishi yule alikuwa na mabega. Lakini hayo si ya leo.

"Kwa nini unatoa chakula bila risiti?" alimuuliza.

"Mtoto wa mwenye mkahawa akisema toa, mimi nikatae kama nani?"

Mama Mdogo alirudi kukaa kwenye kiti chake karibu na kaunta, akajifanya anachambua risiti za nyanya na gesi zilizolipwa kutoka kwenye droo, kumbe jicho liko kwa Mzani. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba saa za msongamano droo haifungwi. Inaachwa wazi kidogo, upana wa vidole. Kule kituo cha mafuta, droo wazi ilikuwa kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo. Mteja anatoa noti, Mzani anaitumbukiza, anarudisha chenji, anaita kuku, na mashine haijalia hata mlio mmoja. Halafu anachomoa kijiti cha meno kwenye kikopo cha wateja.

Meno hachokonoi. Kijiti kinakwenda kwenye droo, kwenye kichumba cha sarafu ndogo.

Jumatano Mama Mdogo aliviona vinne alipopitisha macho. Alhamisi jioni, hesabu ikiwa sawa kama kawaida na Mzani ameshakwenda zake akipiga mluzi, aliinama kwenye ndoo ya taka ya ofisini. Vijiti tisa, visafi, havijagusa jino la mtu. Akaenda jikoni kuhesabu robo za kuku na mpishi. Zilikuwa zimepotea tisa.

Alicheka peke yake mpaka akashika meza. Sasa alimwelewa. Mtoto hana mfuko na foleni inamtazama, kwa hiyo hawezi kuchukua pesa pale pale. Ripoti haioneshwi kwake kabla ya kuhesabu, kwa hiyo jioni hajui droo imezidi kiasi gani. Kwa hiyo kila kijiti ni kuku mmoja asiyeingizwa kwenye mashine. Wakishafunga, anabeba droo kwenda ofisini, Mama Mdogo akiwa bado anafunga mlango wa mbele na makomeo yake, na katika dakika hizo mbili anahesabu vijiti, anachukua pesa yake, anatupa vijiti. Kisha wanahesabu pamoja, mambo safi. Pesa ya mkahawa iko yote. Zilizoondoka ni zile ambazo mashine haikuwahi kuzisikia.

Kicheko kilipoisha, ilibaki shida. Angemwambia nini dada? Kwamba kitinda mimba wake, benki yake, anaiba kwa vijiti vya meno? Dada angemwambia ana wivu kwa kuwa wanawe yeye hawapigi simu. Na mpishi angeondoka Ijumaa vile vile.

Usiku alilala vizuri sana. Mtu aliyepata wazo hulala.

Ijumaa, foleni ilipofika mlangoni, Mzani aliita kama kawaida, "Mama mdogo, sarafu zimeniishia." Mama Mdogo akamletea bakuli dogo la sarafu zile ndogo, akapokea noti yake ya thamani hiyo hiyo, wakasaini wote wawili kwenye karatasi ya chenji. Mkono wake haukuingia kwenye droo, na foleni nzima ni shahidi. Mzani mwenyewe, huku akimwambia mteja habari za mpira, ndiye aliyemimina bakuli kwenye kichumba cha sarafu. Chini ya sarafu kulikuwa na vijiti vinne.

Kama mtoto ni msafi, Mama Mdogo alijiambia, vijiti vinne havina la kumfanya. Vitakaa mle kama takataka na hesabu italala palepale ilipo. Pesa ya mtu mwaminifu haipunguzwi na kijiti. Alijiambia hivyo mara nyingi mchana ule, kwa sababu huyo kijana ni yeye aliyembeba mgongoni, akamfuta makamasi, na sehemu yake moja ilikuwa inaomba hesabu ilale sawa.

Bi Mkubwa alifika wakati wa kufunga, magongo mawili, bahasha ya mpishi kwapani. Akakaa ofisini, mguu juu ya kreti la soda. Mama Mdogo alikwenda kufunga mlango wa mbele, na siku hiyo alifunga taratibu kweli kweli, kila komeo kwa zamu yake. Bi Mkubwa alikuwa ameomba maji. Mzani, kwa adabu zote, akamtuma mhudumu, akaweka droo kwenye meza ya pembeni, akampa mama yake mgongo. Alipogeuka, soksi ya kushoto ilikuwa imenenepa.

"Mwiteni na mpishi," Bi Mkubwa akasema. "Nataka aone hesabu safi inavyokuwa."

Mpishi akaja, akasimama mlangoni. Mzani akahesabu kwa madaha, noti kubwa, noti ndogo, sarafu, akatoa pembeni chenji ya kuanzia kesho, akaandika, akasaini. Risiti za nyanya na gesi zikawekwa juu. Malipo ya simu yakalinganishwa na ujumbe wa simu ya mkahawa, yakakubali. Ndipo Mama Mdogo akazungusha ufunguo na ripoti ikatoka ikijikunja.

Akaisoma. Chenji ya kuanzia, jumlisha mauzo ya taslimu, toa yaliyolipwa. "Imepungua," akasema. "Bei ya sahani nne za kuku. Kamili."

"Rudia," akasema Mzani.

Wakarudia. Akarudia mwenyewe, peke yake, akilamba kidole. Sahani nne.

"Ni wewe," akamgeukia Mama Mdogo. "Wewe ndiye uliyeleta sarafu."

"Nimeleta sarafu, nimepokea noti, umesaini. Mkono wangu umeuona ndani ya droo?"

Hakuuona. Alijua hakuuona. Na mtu aliyezoea kuwa sawa kila siku, siku akiambiwa kapungukiwa hukasirika kuliko mwaminifu. Mzani akapiga meza kwa kiganja. "Haiwezi kupungua, mama. Mimi nimetoa ile iliyozidi tu."

Mzani alisikia maneno yake mwenyewe, ukamwona kabisa anayasikia.

"Iliyozidi?" Bi Mkubwa akauliza.

Mama Mdogo alikuwa amejiandalia hotuba nzuri, ya kumchomachoma, na utani ndani yake. Yote ikamkauka. Akasema tu, kwa sauti ndogo, kwamba ukilinganisha robo zilizobaki jikoni na ripoti, leo robo nane za kuku zimetoka bila risiti, kwamba kwenye ndoo ya taka kuna vijiti kumi na viwili, na kwamba vinne alivitia yeye. Bi Mkubwa hakuwa mjinga; mkahawa ule hakuupewa, aliujenga. Aliitazama ndoo, akaitazama droo. Kisha akanyoosha gongo moja, akagusa soksi ya kushoto ya mwanawe.

Mzani akainama akazitoa. Noti zilikuwa na joto. Mama Mdogo akazihesabu: sahani kumi na mbili.

"Kwa nini hukuniambia pembeni?" Bi Mkubwa akamuuliza mdogo wake.

"Ungeniamini?"

Bi Mkubwa akafikiri kwa haki kabisa. "Hapana," akasema. "Ningekufukuza na wewe."

Akachukua bahasha akampa mpishi. "Huu ni mshahara wako wa mwezi, si wa kuondokea. Nisamehe. Kaunta atakaa mwingine, na huyu atakuja kwako kusugua masufuria mpaka alipe kila kuku."

Mpishi akaiweka bahasha kwenye mfuko wa suruali. Hakuondoka mlangoni. "Mama, mimi ulinitukana kwenye dirisha," akasema, "wenzangu wote wanasikia. Na bado wako nje wanafuta meza."

Mama Mdogo alitaka kumwambia dada akae, aseme kesho, goti limevimba. Mzani naye alikuwa ameshaanza kulia na kusema mama, tafadhali, si mbele yao. Bi Mkubwa hakumjibu yeyote. Aliteremsha mguu kwenye kreti, akaomba magongo yote mawili, akaenda gongo, mguu, gongo, mguu, mpaka katikati ya ukumbi, na wahudumu wakaacha kufuta.

"Nilisema mpishi ni mwizi," akawaambia. "Nilikosea. Mwizi ni mwanangu."

Sauti yake haikutetemeka mpaka kwenye neno la mwisho.