Wekundu Kwenye Kromu

Mwaka huo Zornitsa alimwahidi mama yake kitu kimoja tu: Alhamisi Kuu atakuwa kijijini, wapake mayai ya Pasaka rangi nyekundu pamoja. Mwaka wa nyuma Mama Stanka aliyapaka peke yake, na kwa yale macho yake yenye ukungu akajimwagia maji ya moto mkononi. Kovu bado lipo. Siku yenyewe haisogezwi ovyo. Mayai hupakwa Alhamisi, aliyechelewa hupaka Jumamosi, na Ijumaa hakuna anayegusa rangi.

"Nitakuja, mama," alisema kwenye simu. "Hata mvua ya mawe inyeshe."

Mvua haikunyesha. Likaja gari la Bwana Rangel.

Bwana Rangel alikuwa na yadi ya magari nje kidogo ya mji wa Plovdiv, Bulgaria, kwenye barabara ya kutokea mjini, na kila Pasaka alitaka bango kubwa. Safari hii alikuwa na wazo, na Mungu atunusuru na mteja mwenye wazo. Gari litakuwa jekundu, na maneno yatasema: Jekundu kuliko yai la bibi yako. Magari mekundu yenyewe yalikuwa bado njiani kutoka kiwandani. Yadini palikuwa na la buluu. Basi Dobri, mpiga picha wa studio ambako Zornitsa alirekebisha picha kwa kompyuta, akalipiga hilohilo la buluu chini ya mbingu nyeupe ya Machi, akamletea Zornitsa picha huku akipiga mluzi.

"Kazi ndogo, dada," alisema Dobri. "Unabofya, linakuwa jekundu, unakwenda kwa mama."

"Ungekuwa unabofya wewe ningekuamini."

Maana gari si ukuta, useme umepaka rangi mpya ukaenda zako. Ukigeuza buluu yote kuwa nyekundu kwa mkupuo mmoja, kila kitu kinageuka nayo: taa, vioo, hata mbingu iliyolala juu ya boneti inakuwa ya waridi, na mbingu ya waridi Plovdiv hakuna. Zornitsa akaanza kwa kuchora mpaka wa bati lote, nukta baada ya nukta, akiacha nje vioo, taa, tairi na kromu, yale mapambo ya chuma yanayong'aa kama kioo. Buluu ile ilikuwa nzito kuliko nyekundu aliyotakiwa kuitoa, kwa hiyo ilibidi ainyanyue mwanga kwanza, la sivyo gari lingetoka na rangi ya maini. Ile mistari myeupe ya mwanga mabegani mwa gari akairudisha kuwa myeupe, kwa sababu inayong'aa pale ni mbingu, si rangi ya gari. Chini ya milango, palipoakisi sakafu ya yadi, akaacha ukijivu wake uchungulie juu ya wekundu. Hata ile buluu hafifu iliyokuwa imemwagika kwenye sakafu kando ya tairi aliifuata, akaigeuza.

Ikabaki kromu, na kromu ndiyo mtihani. Haina rangi yake. Inavaa ya jirani. Ule utepe uliopita chini ya madirisha, nusu ya juu ulikuwa umebeba mbingu na nusu ya chini umebeba bega la mlango, na bega lilikuwa la buluu. Akiuacha ulivyo, gari litakuwa jekundu huku kromu ikisema la buluu. Akiupaka wote nyekundu, utakuwa plastiki. Kwa hiyo akachukua ile nusu ya chini peke yake, na kitasa cha mlango, na fremu ya taa upande uliotazama boneti, akazigeuza kidogokidogo mpaka kila kipande kikamwona jirani yake mpya. Ilipokwisha alisogea nyuma na kiti chake, akaitazama. Lilikuwa gari jekundu, limesimama, lina uzito. Alifurahi, na hakuona aibu kujifurahia.

Jumatano asubuhi akaipeleka mwenyewe, begi la safari liko mgongoni. Bwana Rangel alivaa miwani, akakuza picha kwenye skrini mpaka utepe ukawa mpana kama mkanda wa suruali.

"Hii nini?"

"Kromu."

"Naona kromu! Nauza magari tangu hujaota meno. Hii nyekundu iliyomwagika kwenye kromu yangu ni nini?"

"Ni mlango, Bwana Rangel. Kromu inaakisi mlango."

"Kromu ni nyeupe, mwanangu. Mteja analipia weupe. Umenichafulia."

Zornitsa akavuta pumzi. Juu ya meza palikuwa na jalada jekundu na kalamu ya fedha, akamsogezea jalada karibu na kalamu. "Tazama hapa. Kalamu imebadilika?"

"Hiyo kalamu," alisema Bwana Rangel. "Mimi nauza gari?"

"Unauza gari."

"Basi tuache kalamu."

Kumpigia mbuzi gitaa kuna nafuu, mbuzi angalau hajibu. Zornitsa alirudi studio na begi lake, akaitoa nyekundu kwenye kromu, akaujaza utepe kijivu na weupe mtupu. Jioni akaituma. Jibu likaja: sasa kromu kama imebandikwa, kama stika ya mtoto, kwani hawezi kufanya kitu kati na kati? Akafanya kati na kati, waridi hafifu. Bwana Rangel akauliza kama kromu inaumwa.

Alhamisi basi la asubuhi la milimani likaondoka bila yeye. Alimpigia mama yake simu akiwa mbele ya kompyuta, mkono mmoja kwenye kipanya.

"Usijali," alisema Mama Stanka. "Najua unafanya kazi. Nitapaka mwenyewe, maji nitayaacha yapoe."

"Mama, ningoje Jumamosi."

"Alhamisi ni Alhamisi. Yai la kwanza nitakuwekea."

Zornitsa akakata simu akaipiga meza kofi, kipanya kikaruka. Alikuwa na hasira na Bwana Rangel, na hasira na nafsi yake kwa kutomwambia Bwana Rangel achague shimo la kutupia picha yake. Lakini studio iliishi kwa mabango ya watu wa aina hiyo, na Dobri alikuwa na watoto.

Mchana likaja agizo jipya. "Nimepata jawabu," alisema Bwana Rangel kwenye simu, sauti imejaa ushindi. "Kromu irudishe kama ilivyokuwa kwenye picha ya kwanza. Picha halisi. Kamera haidanganyi."

"Picha ya kwanza gari ni la buluu. Kromu itakuwa na buluu."

"Itakuwa halisi."

"Gari jekundu lenye kromu ya buluu?"

"Dada, nani mteja?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Zornitsa akairudisha ile kromu ya picha ya Dobri, buluu yake ikiwa pale pale, akaituma bila neno. Bwana Rangel akajibu: Sasa imetulia!

Lakini mtu wa aina hiyo hatulii. Ijumaa Kuu simu ikalia tena, na nyuma ya sauti yake kengele zikisikika. Alikuwa kanisani kwenye foleni, akingoja zamu yake ya kupita chini ya meza ya sanda ya Kristo, asamehewe dhambi, kama wanavyopita wote siku hiyo.

"Mke wangu yuko hapa," alinong'ona. "Nimemwonyesha picha. Anasema hilo ni gari la buluu limelazimishwa."

"Amejuaje?"

"Hajui! Anasema tu halimkai machoni. Fanya kitu. Ngoja, nainama." Simu ikakwaruza, ikasikika pumzi ya mtu mnene anayepita chini ya meza, kisha akarudi. "Fanya kitu, mwanangu. Mtambo wa kuchapa unafungwa kesho mchana."

Hata Dobri hakucheka, na Dobri hucheka misibani. "Mtumie ile ya Jumatano," alisema.

"Aliikataa."

"Aliikataa Jumatano. Leo kapita chini ya meza, kasamehewa."

Jumamosi asubuhi Zornitsa akaitoa ile picha yake ya kwanza, yenye mlango mwekundu umelala kwenye nusu ya chini ya kromu. Hakugusa hata nukta. Akaipa jina jipya, akaituma. Hakuna subira aliyoijua ndefu kama ile. Simu ikalia.

"Unaona sasa?" alipaza sauti Bwana Rangel. "Unaona ukitulia? Hii ndiyo! Mke wangu anasema angelipanda sasa hivi. Tatizo lako, mwanangu, ulikuwa na haraka."

Zornitsa alikuwa na majibu mengi. Alisema Pasaka njema, akachukua begi, akakimbilia kituoni. Ndani ya basi la mwisho alilia kidogo kwa ghadhabu, uso kwenye kioo. Siku zote zile alizopoteza zilikuwa za kurudi pale pale alipoanzia, na mama yake alikuwa amepaka mayai peke yake.

Alimkuta Mama Stanka jikoni, amevaa aproni, anasugua. Juu ya meza palikuwa na bakuli la mayai mekundu, na ubavuni mwake birika la kahawa la harusi yake, lile linalong'aa kama kioo, analolitoa Pasaka tu. Mama alikuwa na kitambaa na magadi, na vidole vimechubuka.

"Umefika! Njoo unisaidie, mwanangu, aibu hii. Kesho watu wanakuja, na birika limeingia rangi ya mayai. Tangu Alhamisi nalisugua. Nikilipeleka kwenye sinki doa linatoka kabisa, nikilirudisha mezani likakauka, linarudi."

Zornitsa akatazama. Ubavuni mwa birika, upande wa bakuli, wekundu ulikuwa umetulia, laini, unafifia kwa juu pale dirisha lilipoanza. Hata yeye asingeweza kuuweka vizuri zaidi.

Maneno yote ya wiki yalimpanda kinywani. Si doa, ni mayai. Inavaa ya jirani. Alikuwa amezoea kuyasema, na alikuwa amezoea kuyasema kwa ukali. Akaangalia vile vidole vilivyochubuka, na mama aliyeinama hadi pua ikakaribia birika na bado hakuona kinachotazamana nalo.

"Nipe," alisema. Akachukua kitambaa, akasugua kidogo, na kwa mkono mwingine akalisukuma bakuli hadi upande wa pili wa meza, nyuma ya mkate.

"Tazama sasa, mama."

Mama Stanka akainama, akageuza kichwa huku na huku. "Limetoka," alisema. "Limetoka kabisa! Umefanyaje?"

"Nimesugua."

"Ungekuwepo Alhamisi nisingehangaika hivi." Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililouma.

Mama akakausha mikono, akaenda mbele ya picha takatifu ya Bikira na kurudi na yai la kwanza, lile alilomwekea. Yai la kwanza, likitoka tu kwenye rangi, hupakwa shavuni mwa mwana wa nyumba ili awe na afya mwaka mzima. Mkono wake ulipapasa hewani, ukagusa pua ya Zornitsa, kisha ukapata shavu. Akasugua polepole, shavu moja, shavu la pili.

"Umekuwa mwekundu?" aliuliza, akimtazama usoni kwa karibu.

Yai lilikuwa limekauka tangu Alhamisi na halikuacha rangi yoyote.

"Nimekuwa mwekundu, mama," alisema Zornitsa.